Dawa ya tansio: kuna kidonge kinachokatwa na kuna kisichokatwa

Katika kartie za Goma, Bukavu na Uvira, na katika nyumba zinazopokea watu waliokimbia vita, wembe umekuwa chombo cha dawa. Mtu mwenye ugonjwa wa tansio anabaki na vidonge saba, barabara ya kwenda kituo cha afya haina usalama ao pesa ya pikipiki hakuna, basi anakata kila kidonge katikati ili vifike siku nyingi. Wengine wanasaga: mzee hana meno, koo linakataa, mtoto anaponda kidonge katika kijiko na kumpa na uji.

Ni rahisi kuwalaumu wagonjwa hao. Lakini lawama ya kwanza ni ya yule anayewapa vidonge bila kuwaambia neno moja: hiki kinaweza kukatwa, ao hiki kinamezwa kizima. Neno hilo halina bei, na kulikosa kunaweza kumuangusha mtu chini.

Dawa mbili zinazojulikana sana kwa wagonjwa wa tansio zinaonyesha tofauti hiyo: amlodipini na nifedipini. Ni dawa za jamaa moja. Zote zinalegeza mishipa ya damu ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu nyingi. Lakini mbele ya wembe hazifanani hata kidogo.

Amlodipini inadumu kwa sababu ya asili yake. Ikiingia katika damu, mwili unahitaji saa 30 hadi 50 ili kuondoa nusu yake tu. Ndiyo maana inatosha kumeza mara moja kwa siku. Kidonge chake cha kawaida, cha miligramu 5 ao 10, hakina ufundi wowote wa ndani. Ukikikata ao ukikisaga, dawa inabaki ile ile na inatembea mwilini polepole kama kawaida. Mwenye kuandikiwa miligramu 5 akikuta famasi ina za 10 tu, nusu ya kidonge ni kipimo chake halali. Mzee asiyeweza kumeza anaweza kusagiwa, dawa ikachanganywa na maji kidogo katika kijiko na kunywewa papo hapo.

Nifedipini ni kinyume. Yenyewe haikai mwilini, baada ya saa chache imekwisha kupungua sana. Ili idumu, wenye kuitengeneza wameweka ufundi katika kidonge: kile cha miligramu 20 kilichoandikwa Retard kimetengenezwa kuachia dawa kidogo kidogo kwa karibu nusu ya siku, ndiyo maana kinamezwa asubuhi na jioni. Kuna na kingine cha 30 ao 60, cha mara moja kwa siku. Vingine vya namna hiyo vina ganda gumu lenye tundu dogo ambamo dawa inatoka. Mgonjwa anaweza kuona ganda hilo katika choo na kufikiri kwamba dawa haikufanya kazi. Imefanya, ganda limetoka tupu.

Kwa hiyo anayesaga nifedipini Retard anavunja ule mlango uliokuwa unaachia dawa polepole. Dawa ya saa 12 inaweza kuingia katika damu kwa muda mfupi.

Chukua mfano wa mama wa miaka 60 na zaidi aliyeandikiwa nifedipini Retard 20, moja asubuhi na moja jioni. Amebaki na vidonge 14, ni siku saba. Anasaga kimoja kila asubuhi kwa sababu koo linamsumbua, na cha jioni anakiacha ili akiba ifike siku 14. Muda mfupi baada ya kunywa, uso unawaka moto, moyo unapiga mbio, kichwa kinauma, na akisimama kwenda kuteka maji anaona giza. Familia inasema dawa ni kali mno kwake. Usiku dawa imekwisha kutoka, tansio inapanda tena, na akipimwa wakati huo muganga anaweza kufikiri kwamba dawa ni dhaifu na kuongeza nyingine. Wote wanaona kweli, lakini kila mmoja ameona nusu ya siku. Shida si nguvu ya dawa. Shida ni kidonge kilichosagwa na kipimo cha jioni kilichoachwa.

Kwa mtu mwenye moyo ao mishipa iliyochoka, kushuka huko kwa ghafula kunaweza kunyima damu moyo ao ubongo. Ndiyo sababu pia, tangu miaka ya 1990, madaktari wameonya juu ya desturi ya kutafuna nifedipini ao kuipasulia chini ya ulimi ili tansio ishuke haraka. Aliyekwisha kumeza kidonge kilichosagwa na anasikia kizunguzungu alale chini, miguu iinuliwe, asiongeze kidonge kingine, na apelekwe kupimwa. Kifua kikiuma, akizimia, ao upande mmoja wa mwili ukilegea, asingojewe hata kidogo.

Mgonjwa atatambua namna gani? Asome karibu na jina la dawa. Maandishi kama Retard, LP, SR, XL ao LA yanasema kwamba dawa inaachiwa polepole: kisisagwe kamwe, na kisikatwe bila muganga ao mwenye famasi kuruhusu. Mstari katikati ya kidonge unasaidia kukata, lakini si ruhusa ya kusaga. Kuna hata vidonge vya kuachia polepole, kama baadhi ya metoprololi, vyenye mstari wa kukatwa mara mbili lakini vikisagwa vinaharibika. Kwa upande mwingine, vidonge vya kawaida vya kaptoprili na hidroklorotiazidi vinakatwa bila shida, kama muganga ameandika nusu. Kikatwe kimoja kimoja, na nusu ya pili imezwe katika kipimo kinachofuata, kwa sababu vipande vinavyokaa katika unyevu vinaharibika.

Hapo ndipo famasi zinakosa. Plaketi inakatwa kwa makasi, mgonjwa anapewa vidonge vinne ao vitano, na kipande chenye neno Retard kinabaki katika boksi. Akifika nyumbani ana vidonge visivyo na jina. Kuuza vichache si kosa, maana watu wananunua kwa kadiri ya pesa walizo nazo. Kosa ni kutoandika. Kila kifuko kiandikwe jina la dawa, miligramu, na neno moja: «kizima» ao «kinakatwa».

Waganga nao wana sehemu yao. Mgonjwa anayehamahama, ao asiyeweza kumeza, afaa kupewa amlodipini pale inapopatikana, kwa sababu inavumilia wembe na inavumilia hata kuchelewa kwa saa kadhaa. Wengine watasema kwamba depo inatoa nifedipini tu. Ni kweli inatokea. Basi waseme «meza kizima» mbele ya mgonjwa na mbele ya yule anayempikia.

Na jambo moja lisichanganywe: hata kidonge kinachokubali kukatwa, kikikatwa ili kufikisha siku, kinabaki nusu ya dawa. Wembe hauongezi akiba. Anayeona vimebaki vya siku chache aende kituo kabla havijaisha, akiwa na plaketi yake mkononi, hata ikiwa tupu.