Maswali Yameingia Moodle? Ngoja Kwanza Kabla Hujashangilia

Wasee mnaopewa na walimu kazi ya kuingiza maswali kwenye Moodle, leo niwaambie kitu kitakachowaudhi wengine: faili ikikubaliwa, kazi bado haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza.

Kawaida mwalimu anakutumia maswali 40 ya Word, machaguo yakiwa a, b, c, d, na majibu yote yamerundikwa ukurasa wa mwisho. Wewe unayapanga kwa muundo wa Aiken, ule rahisi:

```
Nomino zipi ziko katika ngeli ya A-WA?
A. mwalimu
B. kipofu
C. kiti
D. A na B
ANSWER: D
```

Swali linakaa mstari mmoja hata likiwa refu vipi. Herufi za machaguo ni kubwa, neno ANSWER pia ni kubwa, na faili inahifadhiwa kama .txt ya UTF-8. Ukiacha herufi ndogo, Moodle inalalamika papo hapo, unarekebisha, maisha yanaendelea. Makosa ya aina hiyo hayanisumbui hata kidogo.

Yanayonisumbua ni yale yanayopita kimya. Hebu angalia tena hiyo D. Kwa kawaida Moodle huchanganya mpangilio wa machaguo, halafu inaweka herufi upya. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuona hivi:

```
a. A na B
b. kiti
c. kipofu
d. mwalimu
```

Sasa "A na B" ni nini? Ni yenyewe pamoja na kiti! Mtoto anayejua ngeli vizuri anaachwa akikodolea skrini macho, na akichagua mwalimu au kipofu anapata sufuri. Nani atalaumiwa? Ataambiwa hakusoma.

Dawa ni kuandika maneno yenyewe: "D. mwalimu na kipofu". Unaweza pia kuondoa tiki pale "Shuffle the choices?" kwenye swali hilo, lakini ukiwa na maswali kama hayo 10 utasahau moja. "Yote hapo juu" nayo ina shida hiyo hiyo, maana inaweza kutua juu kabisa.

Halafu kuna ule ukurasa wa majibu. Ukiruka jibu la swali la 17, la 18 linapewa swali la 17, na yote yanayofuata yanasogea. Moodle haitashtuka, kwa sababu inachotaka ni herufi iliyopo kwenye machaguo tu. Haijui kipofu ni nani. Ndiyo maana mimi naona mwalimu aandike jibu chini ya kila swali kabla hajatuma, hata kama atanung'unika (na atanung'unika). Akikataa, fungua maswali machache ya mwisho ulinganishe na karatasi yake. Majibu yakiwa yamesogea, ni huko mwishoni utayaona, si kwenye swali la kwanza ambalo kila mtu hukimbilia kukagua.