Uso wa Jivu, au Fleshi ya Simu?



Wiki iliyopita picha ya bibi harusi mmoja ilizunguka kwenye simu zetu. Uso ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga, na mikono yenye hina na piko ilikuwa rangi ya maji ya kunde. Kabla ya Isha hukumu ilishatoka: faundesheni si rangi yake, macho hayana kitu, mdomo umezidi, mpambaji hajui kazi. Mimi nilikuwepo harusini. Nilimuona kwa macho yangu, na uso wake na kifua chake vilikuwa rangi moja. Hatukuhukumu mekapu, tulihukumu fleshi ya simu.

Poda nyeupe laini ya kukazia mekapu, na faundesheni zenye kinga ya jua ya madini kama titani na zinki, hurudisha mwanga wa fleshi moja kwa moja kwenye kamera. Kwa jicho la mtu hauoni kitu. Fleshi ikiwaka, pale palipopakwa panatoka peupe. Kwa ngozi zetu za weusi na maji ya kunde ndiyo hutokea ule ujivujivu.

Basi utajuaje kosa ni la nani? Tazama weupe umekaa wapi. Kwenye picha ile ulikuwa chini ya macho, katikati ya paji na juu ya pua, yaani pale poda inapowekwa nyingi, na mashavu kwa pembeni yalikuwa na rangi yake. Hiyo ni poda na fleshi. Faundesheni isiyo rangi yako hukaa sawasawa uso mzima, kisha hukatika ghafla kwenye taya kama mtu aliyevaa kinyago. Shingo ikiwa imefunikwa na mtandio, linganisha na sikio, au na mkono ulio kwenye mwanga uleule. Na kama ipo picha nyingine ya karibu na dirisha bila fleshi, hiyo ndiyo ya kuamini. Yake ilikuwepo. Hakuna aliyeisambaza.

Macho na mdomo nayo ni hadithi hiyohiyo. Mpambaji alimpaka kahawia nzito kwenye mkunjo wa jicho, akaipandisha taratibu mpaka ikapotea chini ya nyusi. Fleshi inayotoka mbele hufuta vivuli vya aina hiyo, na jicho likifunguka mkunjo wenyewe hujificha. Rangi ya mdomo, nyekundu iliyoiva, haifutiki. Kwa hiyo pichani umebaki mdomo peke yake, nasi tukasema umeyazidi macho. Ukitaka kupima uwiano, tafuta picha mbili, moja macho yamefunguka na moja anatazama chini. Na ile kanuni ya kwamba macho yakikolea mdomo upoe ni ladha tu, si sharia. Bibi harusi wa kwetu mwenye wanja mzito na mdomo mwekundu hajakosea.

Sisemi wapambaji hawakosei. Wapo wanaompaka mwari rangi mbili juu ya yake kwa makusudi, eti ang'ae, na hilo nalipinga kabisa. Wapo wanaopima faundesheni nyuma ya kiganja badala ya kwenye taya, tena hawasubiri hata dakika kumi waone kama itakolea ikishakauka. Lakini hao ndio tunaowasifu! Maana picha zao zimepita kwenye filta. Filta ikishalainisha ngozi, inafuta mipaka ya rangi na mashavu yaliyochanganywa ovyo. Kuza picha: kama huoni hata kitundu kimoja cha ngozi, na vinywele vya nyusi vimekuwa kama rangi ya brashi, huwezi kusema mekapu imechanganyika vizuri. Umeona kazi ya simu.

Kwa hiyo fleshi inamtia aibu mwenye kazi nzuri, na filta inampa sifa mwenye kazi mbovu. Nasi tunapeleka wateja na kuvunja riziki za watu kwa ushahidi huo.

Na kuna lililo zito zaidi. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza dhana nyingi na kusengenyana, na inafananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Picha ile ilipigwa ukumbini kwa wanawake, nywele zake wazi, na kila aliyeituma ili tucheke poda aliituma na nywele hizo. Faundesheni huoshwa kwa maji na sabuni usiku uleule. Picha bado inatembea. Kama imo kwenye simu yako, ifute, kisha umuombe radhi.