Sauti ya Mtoto Isitoke Nje ya Nyumba

Mzazi anachukua simu ya zamani, anaweka programu ya kwanza aliyoiona, anaichomeka kwenye chaja na kuisukuma chini ya mto wa mtoto. Kisha anakwenda sebuleni akiamini amepata yaya. Hapana! Amemlaza mwanawe na hatari mbili.

Ya kwanza ni masikio ya watu baki. Zipo programu zinazopitisha sauti kwenye mitambo ya kampuni ya mbali, ingawa mama na mtoto wametenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwa nini kilio, ugomvi na siri za chumbani zisafiri hivyo? Njia ya ndani ipo. Futa simu kuukuu yote kwa Factory data reset, toa laini, fungua akaunti mpya isiyo na picha wala namba za watu. Weka programu kama IP Webcam, iwekee nywila, na uzibe kamera kwa plasta. Washa hotspoti kwenye simu yako, iunganishe ile ya zamani, kisha fungua kwenye kivinjari anwani inayoonekana kwenye kioo chake, mfano http://192.168.43.20:8080.

Sasa zima data na uache hotspoti. Ukiendelea kumsikia mtoto, programu haihitaji mtandao wa nje, na data ikibaki imezimwa sauti haitoki nyumbani. Ikikatika, programu hiyo inategemea mtandao wa nje, iondoe. Jaribu pia kuizima simu ya chumbani ukiwa unasikiliza. Utasikia kimya kilekile cha mtoto aliyelala, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwa hiyo kila baada ya muda nenda ukamwone kwa macho.

Hatari ya pili ni betri. Niliwahi kuiacha simu yangu kuukuu kwenye chaja siku nyingi mfululizo. Nilipoiweka mezani ilipepesuka kama kiti kibovu: mgongo ulikuwa umetuna na kioo kimeachia pembeni. Betri ilikuwa imevimba. Simu ya namna hiyo haichajiwi tena, haitobolewi, haibanwi irudi. Inapelekwa kwa fundi. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa kwenye joto, na chini ya mto joto halina pa kutokea. Basi ichaji mchana ukiiona, ichomoe ikifika kama asilimia 80, uitumie bila waya. Iweke juu ya kabati, zaidi ya mita moja kutoka kitandani, na waya wowote usifikiwe na mkono wa mtoto.

Na wewe unayeificha ili umsikilize dada wa kazi, huo si ulezi, ni udukuzi. Mwonyeshe simu ilipo, mwambie inasikia nini na saa ngapi inazimwa. Yeye naye ana maongezi na mama yake.

Leo usiku, kabla hujamlaza mtoto, zima data usikilize.