Ushuru wa alizeti: nani anaubeba?

Kisheria, ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Mwaka 2017 Serikali ilishusha kiwango cha mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Hata hivyo, mkulima wa Kiomboi anajua kwamba mnunuzi huukata kwenye bei. Huukata kiasi gani? Inategemea nani ana pa kukimbilia.

Tuseme kilo ya alizeti ni shilingi 1,000 na ushuru ni shilingi 30. Mwezi wa sita magunia yamejaa na ada ya shule inadaiwa. Bei ikishuka kwa asilimia 10, tuseme wakulima wanapunguza mauzo kwa asilimia 2 tu. Mnunuzi ana mazao mengine ya kununua. Bei ikipanda hivyo hivyo, anapunguza manunuzi kwa asilimia 8. Asiyeweza kukwepa ndiye hubeba zaidi: mkulima shilingi 24, mnunuzi 6.

Msimu unaofuata mambo hubadilika. Mkulima anaweza kupunguza ekari za alizeti na kupanda mtama au dengu. Mauzo yakiweza kushuka kwa asilimia 8, na mnunuzi akabaki vile vile, kila upande hubeba shilingi 15.

Ghala nalo humpa mkulima muda, ingawa mbegu zisizokauka vizuri huota ukungu humo. Tahadhari moja: bei ikishuka ghafla usilaumu ushuru pekee, kwani mafuta ya kula kutoka nje nayo huishusha.