Msilaumu king'amuzi, shusheni Sharpness

Watani wa Kariakoo wakikutana kwa Mkapa, vibanda umiza vya Tandika na Mbagala hujaa mapema. Mpira unaanza, na kila mchezaji amezungukwa na mstari mweupe kama amechorwa kwa chaki. Pasi ndefu ikipigwa, mpira unaacha mkia, na nyasi zimekuwa zulia. Mashabiki wanalaumu king'amuzi. Wanakionea bure.

Mara nyingi mkosaji ni mwenye kibanda aliyepandisha Sharpness hadi mwisho akidhani anapata HD. Haiongezi chochote kwenye picha, inakoleza kingo tu, ndiyo maana mstari ule unatokea. Mkia nao huletwa na Noise Reduction, inayochanganya picha ya sasa na zilizopita ili kufuta chengachenga. Kilichotulia kinasafishika, kinachokimbia kinavurugika.

Dawa iko kwenye kona yanapoandikwa matokeo. Ashushe Sharpness taratibu mpaka weupe pembeni mwa namba upotee, asimame kabla maandishi hayajafifia. Kwa runinga nyingine hapo ni 0, nyingine ni katikati ya kipimo. Noise Reduction iwe Off. Chengachenga zikizidi, Low inatosha. Afanye hayo mechi ikionekana, maana runinga nyingi hutunza mpangilio wa kila HDMI peke yake.

Mwanzoni picha itaonekana laini mno, lakini jicho litazoea. Shabiki amelipa kiingilio aone kama mpira umevuka mstari wa goli, siyo aone mistari miwili.