Futari ya Jirani Ipimwe kwa Sufuria Yake



Kila Shaaban ikifika nusu, sisi kina mama wa darsa ya baada ya Alasiri hutoa tangazo letu la kukusanya chakula cha Ramadhani kwa ajili ya nyumba zenye uhitaji hapa mtaani. Mwaka jana tangazo lilikuwa fupi: leta chochote alichokujaalia Mwenyezi Mungu. Mwaka huu neno "chochote" tumelitoa, na tunaona vikundi vyengine vya kina mama navyo vingefanya hivyo.

Tuliandikisha nyumba 20. Mpaka siku ya kugawa tulikuwa na kilo 100 za sukari, maboksi ya tende, tambi nyingi na chupa 14 tu za mafuta za lita moja. Kila nyumba ikapata kilo tano za sukari, na nyumba sita zikakosa mafuta kabisa. Sukari ni nyepesi kununua, ipo kila duka, na mtu akiambiwa Ramadhani humjia sukari na tende kichwani. Hakuna aliyekosea, ila sisi wenyewe hatukusema kinachotakiwa.

Siku chache baadaye mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, alitushukuru kwa adabu zote, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini kama ni vibaya kurudisha kilo tatu za sukari dukani ili apate mafuta na mkaa. Muuza duka alizichukua kwa bei ya chini kuliko anavyouza. Basi sadaka ya mwenzetu ilipungua thamani njiani, na mama wa watu akaona haya kwa kitu alichopewa.

Hapo ndipo tuliporudi kwa mama yule na kumwomba atupikie kwa maneno. Yeye na wanawe ni watu sita. Akatuambia: magharibi uji wa ngano, unga kama robo kilo. Kisha futari yenyewe, leo muhogo wa nazi, kesho ndizi mbichi au viazi vitamu, siku nyengine maharage au kunde, nusu kilo. Daku ni wali kilo moja na mchuzi wa dagaa au choroko. Mafuta hutumia kidogo kidogo, ila hayakosi siku.

Tukaandika hesabu ya siku kumi kwa nyumba kama yake: mchele kilo 10, unga kilo tatu, maharage na choroko kilo tatu, mafuta lita mbili, sukari kilo mbili, tende kilo moja na nusu, chumvi na pilipili manga ya uji. Nyumba ya watu watatu ni nusu yake. Ndiyo orodha tuliyoitangaza mwaka huu, na kila mtu alichagua mstari wake. Mstari ukishajaa, tunamwambia anayefuata achukue mwengine. Sukari ilijaa siku ya kwanza, mafuta yakajaa siku ya nne.

Utaona muhogo, nazi na mkaa hazimo kwenye orodha. Muhogo ukichimbwa haukai, siku mbili tatu unaanza kuwa na mistari myeusi ndani. Ukikusanya magunia ya muhogo darsani utagawa uozo. Kwa hivyo wenye kutaka kutoa fedha tunazielekeza huko. Tunalipa mapema kwa muuza muhogo na muuza mkaa wa mtaani, kila nyumba ina kiasi chake, na mama huenda kuchukua siku anayotaka kupika, kama mteja mwengine yeyote. Hapangi foleni wala hapigwi picha.

Tumegawa pia kwa makumi matatu badala ya mara moja. Sababu ni kwamba watoaji wengi hungoja kumi la mwisho kwa kutafuta Laylatul Qadr, na tunawaombea wapate. Lakini tumbo la mtoto halingoji tarehe 21. Mwaka jana nyumba zilikuwa tupu kuanzia katikati ya mwezi, kisha zikajaa siku tatu kabla ya Idi. Ahadi yako tuandikie Shaaban, na usiku wa kumi la mwisho bado utabaki na sadaka nyengine ya kutoa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia hofu zaidi, nalo ni zakatul fitri. Kila mwaka wapo wanaoleta mfuko wa mchele, wanauweka juu ya lundo na kuondoka, kisha jioni wanatuma ujumbe kwamba ule ulikuwa fitri. Kufikia hapo mchele umeshamiminwa pamoja na mwengine. Sadaka ya kawaida ina nafasi pana. Inaweza kuingia kwenye sufuria ya futari ya msikitini, akala tajiri na msafiri. Fitri haiko hivyo. Ni haki ya wanaostahiki, inataka nia ya mtoaji, na inatakiwa iwe mikononi mwao kabla ya sala ya Idi. Hadithi ya Ibn Abbas inatufundisha kuwa anayeitoa baada ya sala, hiyo kwake ni sadaka katika sadaka.

Kipimo chake ni pishi moja kwa kila kichwa, ndiyo ile saa ya vibaba vinne, kwa chakula cha kawaida cha watu wa mji. Kwa mchele ni karibu kilo mbili na nusu, na wengi hutoa tatu kwa tahadhari. Nyumba ya watu sita basi ni kilo 15, mtoto mchanga akihesabiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi inafaa kutolewa tangu Ramadhani inapoingia, kwa hivyo hakuna sababu ya kutuletea usiku wa Idi, wakati wagawaji ni wanne na nyumba ni 20.

Dawa yetu ni rahisi. Vipande vya kitambaa vinavyobaki cherehani tumevikata utepe. Mfuko wa fitri unafungwa utepe wa kijani mlangoni pale pale, mwenyewe akiwepo, na tunaandika ni ya vichwa vingapi. Anatuwakilisha kwa kauli yake. Mfuko wenye utepe haufunguliwi mpaka umfikie mwenyewe.

Na nyinyi mabibi harusi wetu mlioolewa Shaaban hii, mnatuuliza sana: fitri yangu naitoa mimi au baba? Kwa madhehebu yetu, jua la siku ya mwisho ya Ramadhani likizama nawe uko katika nyumba ya mumeo, fitri yako iko juu yake. Kaeni muulizane mapema, isije ikatolewa mara mbili, au kila upande ukadhani mwenzake ameshatoa. Ukitaka kuleta chako mwenyewe kwa furaha ya Ramadhani ya kwanza ya ndoa, mlango uko wazi, ila leta mafuta.

Wapo waliotuambia kuwa kumpangia mtoaji ni kukosa adabu. Sisi tunaona adabu kubwa ni kwa anayepokea. Yeye ndiye atakayewasha moto jioni, na yeye ndiye anayejua sufuria yake inakosa nini.

Allah atutakabalie saumu zetu na sadaka zetu. Amin.