Ree ya vikombe si posa



Siku hizi simu zimetuletea karata za taroti mpaka vibarazani. Mtu amekutana na mwanamme wiki mbili tu, usiku anafungua video, mwanamke asiyemjua anachanga karata na kutoa mbili, kisha anasema, "Huyu ndiye wako." Katika maneno ya mapenzi mapya karata zinazotajwa sana ni ree ya vikombe na mbili ya vikombe. Zikitoka pamoja, binti halali. Mimi nasema hata ukizisoma kwa kanuni zao wenyewe, karata hizo mbili hazisemi hayo yanayosemwa. La dini nitalifikia.

Kwanza jueni kuwa vikombe hivyo si vigeni kwetu. Kopa tunayoicheza barazani ni neno la Kireno, na maana yake ni vikombe. Shupaza ni panga, uru ni dhahabu, pau ni magongo. Wareno walituachia majina ya karata zao za zamani, ingawa michoro tunayoichezea leo ni ya moyo na maua. Na wao Ulaya hawakuanza. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za Misri ya zama za Wamamluki, nazo zina vikombe, panga, sarafu na fimbo za kuchezea polo. Taroti yenyewe ilianza Italia katika karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo tu. Mambo ya kuitazamia yalikuja kuenea Ufaransa katika karne ya 18. Ile michoro mnayoiona kwenye simu ilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ikatoka London mwaka 1909.

Mimi jozi kamili niliishika Maskati, nilipokuwa nikishona huko. Mwenzangu wa chumbani alikuwa nayo, na kila Ijumaa alinieleza mchoro mmoja mmoja. Mimi ni fundi, nikitazama kitu natazama mshono wake.

Itazameni ree ya vikombe. Mkono mmoja umetoka katika wingu, umebeba kikombe juu ya kiganja kilicho wazi. Njiwa anashuka na kimkate chenye alama ya msalaba, maji yanafurika na kuanguka katika ziwa lenye mayungiyungi. Picha nzuri. Lakini mtafuteni mwanamme ndani yake. Hayumo. Wala mwanamke hayumo. Kuna mkono mmoja unaotoa, na aliyepewa haonekani kama amepokea. Wanaoijua karata hii husema ni moyo unaofunguka, hisia mpya, mapenzi yanayotaka kutoka. Maana hiyo inamhusu aliyeuliza kuliko aliyeulizwa. Ukiuliza, "Huyu mtu vipi?" ikatoka ree, jibu la kwanza ni kwamba wewe umejaa. Yeye bado hajatajwa.

Hapa ndipo sisi wa baraza tunapopotezwa na mazoea yetu. Katika michezo yetu mingi ya karata ree ndiyo kubwa, ikishuka inakula nyingine. Basi binti akiona ree anadhani amepata mwisho wa mambo. Katika taroti ree ni moja. Vikombe vinahesabiwa kutoka moja mpaka kumi, na nyumba yenye mume, mke na watoto wanaocheza chini ya upinde wa mvua imo katika ile kumi. Aliyetoa ree yuko mlangoni, hajavua hata viatu.

Mbili ya vikombe ina watu. Kijana na msichana wamesimama uso kwa uso, kila mmoja na kikombe chake. Juu yao kuna fimbo yenye nyoka wawili waliojisokota na kichwa cha simba mwenye mbawa, na kwa mbali, kilimani, kuna nyumba. Watu hukimbilia ile nyumba. Mimi natazama mikono. Kijana ametanguliza mguu na amenyoosha mkono kuelekea kikombe cha msichana. Msichana amekishika chake kwa mikono miwili, wala hajarudi nyuma. Hakuna aliyekunywa. Kitu kiko katikati yao na bado hakijakuwa. Waite mwenyewe aliipa maana ya mapenzi, urafiki na kupatana, na urafiki haukuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Karata hiyo hiyo huwatokea washirika wa biashara na ndugu waliopatana baada ya ugomvi. Inaonyesha wawili wanaokutana sawa kwa sawa. Cheti cha ndoa haimo.

Sasa niwape kisa, kwa ruhusa ya mwenyewe, na sitamtaja. Ni binti wa miaka ishirini na sita, anashona kwangu. Alikutana na mwanamme harusini Wete. Kwa siku kumi na tisa wakaandikiana asubuhi na usiku. Mwanamme anaishi Unguja, anasema anafanya kazi bandarini, na amesema inshallah atakuja kumwona kaka yake. Binti akamwandikia kwa WhatsApp mtazamiaji mmoja wa bara, akamlipa shilingi elfu kumi, akauliza, "Je, huyu ni mume wangu?" Ikarudi picha ya karata mbili: ree ya vikombe mahali pa "kilichopo", mbili ya vikombe mahali pa "kinakoelekea". Na sauti ya mtazamiaji: "Ni ubavu wako, usimwache, mambo ni ya haraka."

Asubuhi binti akaja na karatasi. Alikuwa amechanga laki tatu na nusu za kununulia cherehani yake mwenyewe, na sasa alitaka kuzigeuza: kitambaa cha nguo ya posa, kanga za kugawa, pete. Nikamuuliza, "Mwanangu, posa ni lini?" Akasema bado hawajapanga. Nikamuuliza jina la baba wa yule mwanamme. Hakulijua.

Sikumgombeza. Nilimwomba picha ile, tukaisoma pamoja, mimi na yeye, mkasi uko mezani. Kilichopo ni ree. Haya, ni kweli, furaha ipo, yeye mwenyewe anaiona, hata mshono wake umekuwa wa haraka. Kinakoelekea ni mbili. Yaani kutoka moja kwenda mbili, hatua moja. Kutoka hisia ya mtu mmoja kwenda watu wawili wanaotazamana usoni. Hata kwa lugha ya karata, jambo lililo mbele ya binti huyu lilikuwa kuonana na mtu huyu sawasawa na kujua kilichomo katika kikombe chake. Mtazamiaji alitoka mbili akaruka mpaka kumi, na maneno "mambo ni ya haraka" hayamo katika mchoro wowote kati ya ile miwili. Aliyatia mwenyewe. Ukitaka kumjua msomaji anayekimbilia, mwambie akuonyeshe mahali katika karata alipoliona lile neno analokuambia. Akianza kusema "nahisi", ujue karata zimekwisha na sasa anasoma uso wako, au ujumbe wako.

Na swali lenyewe lilikuwa bovu. "Je, huyu ni mume wangu?" ni swali la ndiyo au hapana, na picha ya kikombe haina ndiyo wala hapana, kwa hiyo muulizaji hujaza analolitaka. Mwenzangu wa Maskati alikuwa hakubali swali la namna hiyo kwa mtu mliyejuana chini ya miezi mitatu. Alikuwa anasema uliza kitu ambacho wewe unaweza kukifanya. Pia hakukubali kurudia. Wengi wakipata jibu wasilolipenda huchanga tena, na tena, mpaka vikombe vitoke. Ukichanga mara nane kwa usiku mmoja, ree itapata nafasi ya kutoka hata kama mwanamme huyo amekwishaoa wanne.

Sasa dini. Mimi sikumwambia binti arudi kuuliza tena kwa njia nzuri zaidi. Kutazamia yasiyojulikana tumekatazwa, na mnajua kuwa Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imeitaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya sala kutokubaliwa siku arobaini kwa anayemwendea mtazamiaji kumuuliza. Kisiwa chetu kinasemwa vya kutosha kwa uganga, hatuna haja ya kuagiza mwingine kwa bando. Lakini kuna jambo huwa hatulisemi. Wapo wanaoiacha karata na kuifanya istikhara iwe karata. Anasali rakaa mbili, analala, anaota kikombe cha maziwa, asubuhi anasema amejibiwa. Hadithi ya Jabir katika Bukhari inafundisha rakaa mbili zisizo za faradhi na dua ya kumwomba Allah akuwepesishie jambo kama lina kheri na akuepushe nalo kama lina shari. Ndoto haikutajwa humo. Baada ya dua unaendelea na kazi ya kuulizia, na mlango ukifunguka unaingia, ukifungwa unashukuru. Haraka ya ndoto na haraka ya ree ni mshono mmoja.

Kuulizia ndiko wazee wetu walikokuwa hodari. Mshenga hakuwa anatazama macho ya kijana. Alikwenda mtaani kwao, akauliza msikiti anaosali, kama ana mke mahali pengine, akipata pesa anafanya nini, akikasirika anafanya nini. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na hakuna kilichoharibika kwa kusubiri wiki kadhaa. Katika muda huo mapenzi yanaweza kuwepo, furaha ya ujumbe wa asubuhi inaweza kuwepo. Siwaambii muuzime moyo. Binti wa kisa hiki nilimwambia afurahi, ila laki tatu na nusu zisitoke.

Tulikubaliana amuulize yule mwanamme mambo matatu, moja kwa siku, bila kumbana: jina kamili na mtaa wa wazazi wake, kama amewahi kuoa, na mwezi gani atamwona kaka. La kwanza alijibu siku ile ile. La pili alichelewa siku mbili, kisha akasema aliwahi kuoa, ameacha, ana mtoto mmoja wa kike anayelelewa na bibi yake. Binti alilia kidogo pale kwenye cherehani, akasema afadhali amejua. Kwa la tatu amejibu kuwa atampa kaka namba ya ammi yake, na kaka amesema atapiga baada ya Idi. Shangazi wa binti aliyeko Unguja amekwishakwenda mtaani kuulizia mara moja, na atakwenda tena.

Cherehani imenunuliwa Jumatatu iliyopita, Chake, ya miguu, imetumika lakini nzuri. Nilikwenda naye kuijaribu.